Mtoto wa jandoni, damu isiyokata, na swali aliloulizwa mjomba siku ya tatu

Mtoto alikuwa na miaka 7 na kilo 20, mwenyeji wa upande wa Newala. Alitahiriwa zahanati mwezi wa Juni pamoja na wenzake saba, kisha wote wakaingizwa kumbini, kama familia nyingi za Mtwara zinavyofanya siku hizi: kidonda kitoke kwa mhudumu wa afya, mafunzo yabaki ya wazee. Mchana ule damu yake ilikauka kama ya wenzake. Akala ugali, akalala. Usiku wa manane shuka ikawa imelowa.

Naomba msomaji ashike hapo kwanza, maana ndipo kisa kizima kilipofichwa. Damu ilikata, halafu ikaanza upya baada ya saa kadhaa. Kidonda kibichi huzibwa kwanza na chembe sahani, ambazo hujibandika kwenye tundu la mshipa ndani ya dakika chache. Lakini kizibo cha chembe sahani ni kama udongo mbichi ukutani, hakidumu mpaka kifungwe na nyuzi za fibrini. Mtu mwenye upungufu wa chembe sahani hutoka damu palepale na haimuachi. Mtu ambaye chembe sahani zake ni nzima ila nyuzi hazisukwi, hukauka kwanza, halafu udongo unabomoka usiku. Huyu wetu alibomoka mara tatu katika siku nne. Kila mara alifungwa bandeji, ikashika kidogo, ikaachia.

Siku ya nne kituo cha afya kilimchukua damu na kutuletea sampuli kwa basi, sisi wa maabara ya mkoani. Nilikuwa zamu. Chupa ilikuwa ya kifuniko cha bluu, ile yenye sitreti ya kuzuia damu isigande, na ilinifikia alasiri. Nikaizungusha, nikapima kwa vipimo viwili sekunde ambazo damu yake inachukua kuganda. PT, yaani muda wa prothrombini, ikatoka sekunde 18.6, wakati kwetu kawaida ni 11 hadi 14. PTT, yaani muda wa thromboplastini nusu, ikatoka 97, na kawaida yetu ni 28 hadi 38. Nikaandika, nikapiga simu. Vipimo vyote viwili virefu. Tabibu wa kule akafikiria alivyofundishwa, kwamba vyote viwili vikirefuka tatizo liko kwenye njia ya pamoja, yaani hatua za mwisho za kuganda ambazo vipimo vyote viwili hupitia, au ini, au upungufu wa vitamini K. Akampa mtoto vitamini K. Lilikuwa wazo la busara kwa karatasi niliyompa. Kasoro ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa yangu.

Baada ya siku mbili mtoto aliletwa mwenyewe, akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Hemoglobini ilikuwa gramu 6.1. Chembe sahani zilikuwa nyingi za kutosha. Daktari wa wodi ya watoto alitaka kumwekea damu mara moja. Nikamwomba, "Dokta, nipe dakika tano nichote kwanza. Akishaongezewa damu ya mtu mwingine, nitakuwa napima watu wawili." Akakubali. Nilichota mwenyewe, kutoka mshipa wa mkono, chupa ikajaa mpaka kwenye mstari, nikaipindua taratibu mara nne, nikaipima ndani ya nusu saa.

PT 12.9. PTT 84.

Daktari alifurahi kidogo. "Vitamini K imeanza kufanya kazi," alisema, "PT imerudi. PTT itafuata." Na hapo ndipo tulipokaribia kupotea kwa mara ya pili, kwa sababu maelezo hayo yanaridhisha kabisa. Ili kuyakataa ilibidi nirudi kwenye kile ambacho vipimo hivi hupima hasa.

Chukua PT. Plazima, ule umajimaji wa damu usio na seli, imetolewa kalsiamu na sitreti, hivyo imelala. Tunaitilia thromboplastini, yaani protini ya tishu pamoja na mafuta yake, halafu kalsiamu, na saa inaanza kuhesabu. Protini ile ya tishu haipo ndani ya mshipa kwa kawaida. Damu hukutana nayo mshipa unapokatika, ndiyo maana njia hii huitwa ya nje. Inashikana na faktori ya 7, moja ya protini za kugandisha damu ambazo huitwa kwa namba, wawili hao wanaamsha faktori ya 10, na kutoka hapo kuna faktori ya 5, prothrombini, fibrinojeni, na uzi. Kwa hiyo PT ikirefuka peke yake, macho yanaenda kwenye faktori ya 7, maana ndiyo pekee iliyoko kwenye njia hii isiyoguswa na ile nyingine.

PTT haipewi protini ya tishu. Inapewa mafuta tu, na unga kama wa kaolini au silika wa kuichokoza plazima. Ndiyo maana neno "nusu" limo kwenye jina lake: ni thromboplastini isiyo kamili. Plazima inaachwa na unga huo kwa dakika chache, faktori ya 12 inaamka, inaamsha ya 11, ya 11 inaamsha ya 9, ya 9 ikishirikiana na ya 8 inaamsha ya 10, kisha njia ni ileile ya pamoja. Kila kilichohitajika kilikuwa tayari ndani ya damu, kwa hiyo njia ya ndani. PTT ikirefuka peke yake na PT ni nzima, njia ya pamoja imeshajitetea yenyewe kupitia PT. Wanabaki wanne: faktori ya 12, ya 11, ya 9 na ya 8.

Ramani hii ya ngazi kwa ngazi ilichorwa mwaka 1964, na kwa chupa ya maabara ni sahihi. Kwa mwili si sahihi kabisa, na tofauti hiyo inastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa wanafunzi wengi huniuliza swali moja lenye haki: kama njia ya nje ya mtoto ni nzima, kwa nini asigandishe kupitia hiyohiyo? Jibu ni wingi. Kwenye PT tunamwaga protini ya tishu nyingi mno, mfano wa mtu anayemwagia mkaa mafuta ya taa: utawaka hata ukiwa na unyevu. Mwilini ni njiti moja ya kibiriti kwenye upepo. Faktori ya 7 na protini ya tishu huwasha cheche, halafu mwili una kizuizi chake kinachoizima cheche hiyo haraka isienee mshipa mzima. Kabla ya kuzimwa, cheche imeshaamsha pia faktori ya 9 kidogo, na ni faktori ya 9 na ya 8 zinazopuliza mpaka moto ushike. Asiye nazo anapata cheche bila moto. Kidonda kinakauka mchana na kufunguka usiku.

Na faktori ya 12? Mwenye kuikosa anaweza kuwa na PTT ndefu kuliko ya mtoto huyu, na akatahiriwa bila kutoka tone la ziada. Unga wa kaolini unaihitaji, mwili hauihitaji kwa kuzuia damu. Mtoto wetu alikuwa akivuja, basi ya 12 ikatoka kwenye orodha bila kupimwa.

Sasa turudi kwenye vitamini K. Ini hutumia vitamini hii kukamilisha faktori ya 2 ambayo ndiyo prothrombini, ya 7, ya 9 na ya 10. Kati ya hizo ya 7 ndiyo yenye maisha mafupi zaidi kwenye damu, nusu yake hupotea kwa saa chache. Kwa hiyo vitamini K ikipungua, faktori ya 7 ndiyo ya kwanza kuanguka, na PT ndiyo ya kwanza kurefuka, tena kwa kiasi kikubwa, wakati PTT inakuja nyuma ikiburuta mguu. Tazama tena matokeo ya kwanza: PT ilikuwa imezidi kawaida kwa sekunde nne au tano, PTT ilikuwa karibu mara tatu ya kawaida. Sura hiyo haikuwa ya vitamini K hata siku ile ya kwanza. Kuwa virefu vyote viwili ni habari moja, na kipi kimetangulia ni habari nyingine. Mimi nilisoma ya kwanza tu.

Lakini PT ilirefushwa na nini? Chupa ya kwanza nilikuwa bado ninayo kwenye jokofu. Nikaitoa. Damu ilikuwa haijafika hata nusu ya mstari. Chupa hizi zina mililita 0.3 za sitreti zinazongoja mililita 2.7 za damu, sehemu moja kwa tisa. Ukiweka damu mililita 1.2, sitreti inakuwa sehemu moja kwa nne. Kalsiamu tunayoongeza kwenye kipimo imepangiwa kiasi cha sitreti cha kawaida. Ile ya ziada inaimeza kalsiamu kabla haijafanya kazi. Plazima nayo imechujuka. Vipimo vyote viwili vinarefuka kwa mtu mzima wa afya. Juu ya hayo, sampuli ilikaa saa nyingi kwenye basi la joto, na faktori ya 5 na ya 8 huharibika zikikaa hivyo.

Sikutaka kumwambia daktari kwa kubahatisha. Nilichota damu yangu chupa mbili, moja nikaijaza, nyingine nikaiachia chini ya nusu. Iliyojaa ilitoa PT 12.4 na PTT 32. Isiyojaa ilitoa PT 16.1 na PTT 49. Mtu yuleyule, mshipa uleule, dakika ileile. Nikambebea karatasi mpaka wodini. Aliiangalia, akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo PT yake haikuwahi kuwa mbaya." Ndivyo. Haikuwahi. Tangu siku hiyo chupa ya bluu isiyofika mstari hairuhusiwi kuzungushwa kwenye benchi letu, hata kama imetoka mbali na hata kama mleta sampuli analia. Inauma kumrudisha mtu. Ila matokeo ya uongo yanauma zaidi, kwa sababu yanaaminiwa.

Tukabaki na PTT 84 ya kweli. Kuna mambo mawili yanayoweza kuirefusha: faktori imekosekana, au ipo lakini kuna kitu kinachoizuia. Mambo haya yanatenganishwa kwa kuchanganya. Nilichukua plazima ya mtoto nusu kwa nusu na plazima ya watu wazima wenye afya niliyoikusanya kutoka kwa watumishi wenzangu. Kama mtoto amekosa faktori, plazima ya wenzangu inamletea nusu ya kiwango cha kawaida, na nusu inatosha kuirudisha PTT. Kama ana kizuizi, kizuizi kitaishambulia na faktori ya wenzangu pia, na PTT itabaki ndefu. Mchanganyiko ulitoa 35. Plazima ya wenzangu peke yake ilikuwa 32.

Wengi huishia hapo. Mimi huwa naendelea, kwa kuwa kizuizi cha faktori ya 8 ni cha polepole, kinahitaji muda na joto kung'ata. Niliweka mchanganyiko kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili. Sambamba nikaweka plazima ya mtoto na ya wenzangu kila moja kwenye mrija wake, joto lilelile, muda uleule, na nikazichanganya mwishoni tu. Mchanganyiko uliokaa pamoja ulitoa 40. Uliochanganywa mwishoni ulitoa 39. Bila mrija huo wa pili ningeiona 40, nikaogopa, nikaandika kwamba kuna kizuizi, kumbe sekunde tano zile ni uchakavu wa faktori ya 8 kwenye joto, unaozipata pande zote. Hakukuwa na kizuizi. Faktori ilikuwa imekosekana.

Daktari alikuwa ameshaandika "hemofilia" kwenye faili, ugonjwa wa kurithi wa kukosa faktori ya kugandisha damu, na alikuwa anaulizia krayopresipiteti, zao linalotengenezwa kutoka kwenye plazima, kutoka benki ya damu. Hili lilikuwa jambo la maana kuliko yote katika kisa hiki. Wagonjwa wengi wa hemofilia, zaidi ya wanne katika kila watano, wamekosa faktori ya 8, na krayopresipiteti imejaa faktori ya 8. Hesabu ya wingi ilikuwa upande wake. Lakini krayopresipiteti haina faktori ya 9 ya kumsaidia mtu. Kama mtoto huyu alikuwa yule mmoja wa watano, angetundikiwa mfuko baada ya mfuko, kila mmoja na hatari zake za kuambukiza, na damu isingekata. PT na PTT haziwezi kutofautisha ya 8 na ya 9. Zote zimesimama bega kwa bega kwenye hatua moja ya njia ya ndani.

Kipimo cha kila faktori peke yake kinahitaji plazima maalum iliyonyimwa faktori moja, na sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na njia ya zamani, ambayo nilifundishwa chuoni na kudhani sitaitumia kamwe.

Inaanza kwa kutengeneza vimiminika viwili kutoka kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya. Cha kwanza ni seramu iliyokaa. Damu inaachwa igande kwenye mrija wa kioo, seramu inatolewa na kuachwa siku nzima kwenye joto la mwili. Kuganda kumekula fibrinojeni, na faktori ya 5 na ya 8 zimekufa. Iliyobaki ina ya 9 na ya 11. Nikaitilia sitreti, maana seramu bado ina kalsiamu yake na ingeanzisha kuganda kabla sijabonyeza saa. Cha pili ni plazima iliyochujwa kwa jeli ya alumini haidroksaidi, sehemu moja ya jeli kwa kumi za plazima, dakika mbili kwenye joto, kisha inazungushwa. Jeli hunasa faktori zilezile zinazotegemea vitamini K, yaani ya 2, ya 7, ya 9 na ya 10, na kuacha ya 8 na ya 11. Kimoja kina ya 9 bila ya 8. Kingine kina ya 8 bila ya 9.

Jeli isipofanya kazi yake vizuri, kimiminika cha pili kinabaki na faktori ya 9 na kukudanganya. Kwa hiyo kabla ya kukitumia nilikipima PT. Dakika ilipita bila kuganda. Vizuri: kama ya 7, ya 10 na prothrombini zimeondoka, ya 9 nayo imeondoka.

Kisha nikachukua sehemu nne za plazima ya mtoto na kuongeza sehemu moja ya kila kimiminika, mrija wake kila kimoja. Plazima iliyochujwa ilitoa PTT ya 79. Haikusaidia chochote. Seramu iliyokaa ilitoa 41.

Nilirudia mara mbili nyingine. Saa ilikuwa imeshapita tatu usiku, na mlinzi alikuja kuuliza kama nalala hapo. Majibu yalikuwa yaleyale. Kilichomponya mtoto ndani ya mrija kilikuwa kwenye seramu na hakikuwa kwenye plazima iliyochujwa. Ingekuwa faktori ya 8 imekosekana, mambo yangegeuka. Ingekuwa ya 11, vimiminika vyote viwili vingesaidia. Ilikuwa ya 9.

Ugonjwa huu, hemofilia B, ulitenganishwa na hemofilia ya kawaida mwaka 1952 kwa njia ya namna hiyohiyo. Madaktari wa Uingereza waliona kwamba plazima za wagonjwa wawili waliodhaniwa kuwa na ugonjwa mmoja zinaweza kurekebishana zikichanganywa, jambo lisilowezekana kama wote wamekosa kitu kilekile. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo alikuwa mvulana aitwaye Stephen Christmas, na ugonjwa ukachukua jina lake.

Njia ya seramu na jeli ina mipaka yake, na niliiandika kwenye jibu. Seramu ina faktori ambazo tayari zimeamshwa wakati wa kuganda, hivyo inaweza kufupisha PTT kidogo ya mtu yeyote. Ndiyo maana kushuka kutoka 84 hadi 74 kusingenishawishi, wakati kushuka hadi 41 kulinishawishi. Pia haitoi kiwango. Plazima nyingine niliizungusha mara mbili, nikaigandisha kwa barafu, na kuituma Dar es Salaam kwa ndege. Jibu lilirudi wiki iliyofuata: faktori ya 9 asilimia 2, faktori ya 8 asilimia 96. Hiyo asilimia 2 inaitwa hemofilia ya wastani, na inaeleza kwa nini alifika miaka 7 bila jina la ugonjwa wake. Angekuwa chini ya asilimia 1, pengine magoti yangesema mapema zaidi.

Usiku ule lakini hatukuwa na jibu la Dar. Tulikuwa na mirija miwili. Daktari alizisoma namba zile mbili, 79 na 41, akaniuliza maswali ya haki kuhusu jeli, halafu akafuta krayopresipiteti. Faktori ya 9 iliyokaushwa, ambayo ndiyo dawa yenyewe, haikuwepo. Plazima ya barafu ilikuwepo, na ina faktori zote. Alipewa mililita 15 kwa kila kilo, yaani mililita 300. Mililita moja ya plazima hubeba takriban yuniti moja ya kila faktori, na yuniti moja kwa kilo huinua faktori ya 9 kwa karibu asilimia 1. Tusingeweza kutegemea zaidi ya kupanda kwa asilimia 15 hivi, na hatukuweza kumwaga zaidi kwa mara moja bila kuulemea moyo wa mtoto aliyekwisha pungukiwa damu. Asilimia 15 ni ndogo kwa upasuaji. Kwa kidonda kinachochuruzika inaweza kutosha ikisaidiwa, na ilisaidiwa na asidi ya traneksamiki, miligramu 500 mara tatu kwa siku, ambayo haisuki nyuzi mpya ila inazuia zilizosukwa zisiyeyushwe. Asubuhi PTT yake ilikuwa 52. Bandeji ilikuwa kavu. Plazima ilirudiwa kila siku kwa siku tatu, kwa kuwa faktori ya 9 hupungua kwa nusu ndani ya takriban siku moja.

Jambo la ukoo nimeliacha mpaka hapa kwa sababu ndivyo lilivyokuja kwetu, likichelewa.

Siku ya kwanza wodini baba aliulizwa kama kuna ugonjwa wa damu katika ukoo. Akasema hapana, na alisema kweli, aliufikiria ukoo wake. Siku ya tatu alifika mjomba. Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mtoto kwa jadi ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kuhusu jando lake. Ndiye aliyempeleka, na alikuja akiwa amebeba lawama usoni. Nilimsalimia, "Shikamoo mjomba," nikamwomba tukae nje chini ya mwembe, nikamuuliza swali lilelile kwa namna nyingine: upande wa mama yake mtoto, kuna mwanamume yeyote aliyewahi kutoka damu bila kukata?

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema alikuwa na kaka. Aliingia naye kumbini mwaka mmoja, enzi za ngariba na kisu. Yeye alipona. Kaka yake alivuja siku sita, akafariki humohumo kumbini. Wazee walisema kuna mtu nyumbani alivunja mwiko wakati watoto wako porini. Mama yao alilibeba neno hilo mpaka anakufa.

Nilimweleza polepole. Maelekezo ya kutengeneza faktori ya 9 yamo kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana moja tu, na aliipata kwa mama yake. Mama ana mbili. Moja ikiwa mbovu, nyingine inamsitiri, naye anaishi bila kujua. Kila mwana wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. "Mwenyewe ulipata ile nzima, mjomba. Kaka yako akapata ile mbovu. Hapakuwa na mwiko uliovunjwa." Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa huu unafuata ukoo wetu kama tunavyouhesabu sisi?" Kwa mama, ndiyo. Watoto wa mjomba mwenyewe wako salama. Wa dada zake, siyo lazima.

Dada mdogo wa mjomba ana mvulana wa miaka 5 aliyekuwa kwenye orodha ya jando la mwaka unaofuata. Mjomba alirudi naye Mtwara baada ya wiki mbili, kwa basi la alfajiri. Nikamjazia chupa mpaka mstari. PT 12.6, PTT 81. Akaondolewa kwenye orodha mpaka atakapoonwa Dar es Salaam na dawa ipatikane kabla ya kisu. Mjomba alisema mafunzo ya kumbi atayapata pamoja na wenzake, kidonda kitangoja.

Alikuwa pia amemleta dada wa mgonjwa wetu, binti wa miaka 12, akataka naye aandikiwe kwamba yu salama. PTT yake ilikuwa 34. Mjomba alitabasamu alipoiona ndani ya kawaida, na ikanibidi nimrudishe kwenye ule mrija wa nusu kwa nusu. Plazima ya mtoto ikichanganywa na ya wenzangu ilibaki na nusu ya faktori ya 9, na PTT ikawa 35. Binti mwenye X moja nzima na moja mbovu ni mchanganyiko huohuo, ila umechanganywa na Mungu. PTT huanza kurefuka faktori ikishuka chini ya asilimia 30 au 40 hivi, nusu haiioni. Kwenye karatasi yake niliandika PT na PTT za kawaida, na chini yake: kipimo hiki hakiwezi kuonyesha kama amebeba au hakubeba, apimwe kiwango cha faktori ya 9 na jeni yake, na kabla ya kujifungua kwake hospitali ijulishwe. Mjomba aliomba nakala mbili, moja akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, nyingine akampa binti mwenyewe aishike.